Furushi zima au kimoja kimoja? Kumjengea mtoto maktaba ya nyumbani kwa vitabu vya mitumba

Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miezi minne nilinunua furushi la vitabu 40 vya watoto, vyote kwa pamoja, kwa bei ambayo ingenipatia vitabu 10 tu vya kuchagua. Alipofika miaka mitatu nikabadili mtindo, nikawa nanunua viwili kila mwezi, kila kimoja nimekishika, nimekifungua na kukinusa. Sasa ana miaka tisa, mdogo wake ana minne, na rafu yao imejengwa kwa njia hizo mbili. Wazazi wenzangu huniuliza ipi ina nafuu. Jibu linategemea umri wa mtoto kuliko linavyotegemea bei, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza hesabu ya lile furushi. Nililipangua sebuleni jioni mbili mfululizo. Vitabu 6 vilikuwa na ukungu au vilishaloa maji. Vinne vilikosa kurasa. Saba havikuwa na kazi kwangu: vingine vilijirudia, vingine vilikuwa vya mazoezi na tayari vimejazwa penseli. Tisa vilikuwa vizuri lakini ni vya mtoto wa miaka mitano na kuendelea. Vilivyomfaa mtoto wakati ule vilibaki 14, na katika hivyo 14 alivyovipenda hasa, vile vya kuvifuata mwenyewe rafuni na kunipa mkononi, vilikuwa vitano.

Hesabu ya kuchagua ni fupi zaidi. Katika miezi mitano ya mwanzo nilinunua vitabu 10. Kimoja kilikosa karatasi na mimi sikuona. Tisa vilibaki, saba vikapendwa.

| | Furushi | Kimoja kimoja |
|---|---|---|
| Vilivyonunuliwa | 40 | 10 |
| Bei yote (kwa bei ya kitabu kimoja cha kuchagua) | 10 | 10 |
| Vilivyofaa mara moja | 14 | 9 |
| Vilivyopendwa wakati huo | 5 | 7 |
| Gharama ya kila kilichopendwa | 2 | 1.4 hivi |
| Vilivyopendwa baadaye, kutoka sandukuni | 4 | hakuna |

Ukitazama mstari wa gharama, kuchagua kumeshinda. Lakini tazama mstari wa mwisho. Vile vitabu tisa vya umri mkubwa niliviweka sandukuni, na baada ya miaka kama mitano nilipolifungua, vinne vilipata mwenyewe. Furushi likawa limetoa vitabu tisa vilivyopendwa, na gharama ikashuka hadi 1.1 kwa kitabu. Kwa hiyo furushi linamlipa mtu mwenye mambo mawili: mahali pakavu pa kuhifadhia, na subira ya miaka. Asiye na hayo anunue kimoja kimoja.

Hesabu ya mtu mwingine haitakuwa sawa na yangu. Ninachomsihi kila mzazi ni kwamba asigawanye bei kwa idadi ya vitabu vilivyomo kwenye furushi. Agawanye kwa idadi ya vile ambavyo mtoto ataviomba tena.

Mtoto wa miaka miwili kushuka

Hapa napendelea furushi, na sababu iko kwenye kitabu chenyewe. Vitabu vya umri huu hutengenezwa kwa kadi ngumu: kila ukurasa ni kipande kinene kilichopakwa ngozi ya kung'aa. Ukikifuta kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo, kisha ukakisimamisha wazi mpaka kikauke, uchafu mwingi unatoka. Kurasa zake ni chache, kwa hiyo ukikosekana mmoja unajua papo hapo. Hata kasoro zake zinaonekana kwa macho: kadi iliyoloa huvimba na kupinda, na pembe iliyotafunwa hufunguka tabaka kama kitunguu. Pembe iliyotafunwa lakini kavu haina neno. Iliyovimba na kuwa na weusi ndani ya tabaka usiichukue, maana ukungu uko mahali kitambaa hakifiki, na kitabu hicho kitaishia mdomoni.

Kuna aina mbili za kutengwa mara tu furushi linapofunguliwa. Ya kwanza ni vitabu vya kubonyeza vikatoa sauti. Ndani yake huwa mna betri ndogo za duara mfano wa kifungo, na mtoto akimeza moja inaweza kumuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Kifuniko cha betri lazima kifungwe kwa skrubu. Kama kimefungwa kwa gundi, au skrubu imepotea, toa betri na ukiache kitabu kiwe kimya. Ya pili ni vitabu vya zamani sana. Wino wa baadhi ya vitabu vya zamani ulikuwa na madini ya risasi, ndiyo maana tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa, CPSC, iliwaeleza wauzaji mwaka 2009 kwamba vitabu vya kawaida vya watoto vilivyochapishwa baada ya 1985 havina shaka hiyo. Nikaufanya mwaka huo kuwa mpaka wangu: kitabu cha kabla ya 1986 hakipewi mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Kinasubiri juu ya kabati.

Mwaka wa kuchapishwa hukaa kwenye ukurasa wa haki za mwandishi, mwanzoni au mwishoni. Ukurasa huo ukiwa umechanika, tazama namba ya ISBN mgongoni kwa jalada. Namba hizo zilikuwa za tarakimu 10 mpaka mwisho wa 2006, zikawa 13 kuanzia Januari 2007. Chenye tarakimu 10 pekee kwa kawaida ni cha kabla ya 2007.

Miaka mitatu hadi mitano

Umri huu ndio ulionifanya niachane na furushi. Mtoto wa miaka minne haishii kusoma kitabu, anakaa ndani yake. Anataka hicho hicho leo, kesho na wiki ijayo, na wakati huo huo vitabu vyake vimehama kutoka kadi ngumu na kuwa karatasi. Kwa hiyo kitabu dhaifu kinakutana na msomaji mkali kuliko wote atakaowahi kukutana nao. Suala si tena kama kitabu kinasomeka leo. Ni kama kitahimili kufunguliwa mara mia. Hilo huwezi kulijua kwenye furushi lililofungwa kamba, ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Unalijua kwa kukishika.

Mimi huanza na pua. Nafungua kitabu katikati na kunusa penye mkunjo. Harufu ya karatasi kuukuu ni kavu, inakaribia utamu. Harufu ya uvundo, ile ya nguo iliyokunjwa mbichi, ni unyevu, na kinachonuka hivyo hurudishwa hata picha zake ziwe nzuri namna gani. Ukungu huamka hewa inapokuwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 65 hivi, na ukishaingia rafuni haubaki kwenye kitabu kimoja. Watu wengi huuchanganya na madoadoa ya kahawia ya uzee. Madoadoa ya uzee yamo ndani ya karatasi, hayana unga wala manyoya na hayatoki ukiyagusa. Ukungu hukaa juu, hutimka vumbi au kupakazika kidoleni. Karatasi iliyogeuka njano tu haina ubaya kwa msomaji. Ni kemikali ya mti iliyobaki kwenye karatasi ya bei nafuu, imekutana na mwanga na hewa. Ila ikunje pembe kidogo: ikikatika badala ya kupinda, haitamhimili mtoto.

Baada ya pua, mgongo. Kitabu hushikwa kwa pini, uzi au gundi, na hiyo inakwambia umri uliobaki.

Cha pini ni kile chembamba chenye pini mbili au tatu katikati. Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, na kikiwa cha pini, hizo ni karatasi nane pana zilizokunjwa pamoja. Kila karatasi pana hushika majani mawili, moja kabla ya pini na jingine baada yake. Hapo ndipo penye siri ya kukagua upungufu upesi: fungua kwenye pini, hesabu majani ya kushoto, hesabu ya kulia. Kwa kitabu cha kurasa 32 ni manane kwa manane. Zikipishana, kuna jani limechanwa, na mwenzake wa upande wa pili amebaki hana kinachomshika, atadondoka siku si nyingi. Zikiwa sawa, bado karatasi nzima inaweza kuwa imechomoka na majani yake yote mawili, kwa hiyo soma mistari ya pale penye pini uone kama hadithi inaendelea, na tazama namba za kurasa kama zimeandikwa. Kile kitabu nilichouziwa kikiwa pungufu kilikuwa cha namna hii. Karatasi ya katikati kabisa ilichomoka, majani yakabaki saba kwa saba, nami nikaridhika kwamba yamelingana. Mwanangu ndiye aliyeniuliza kwa nini yule mbuzi amefika ng'ambo ya mto bila kuvuka.

Pini zikiwa na kutu, doa huenea kwenye karatasi na kuilainisha. Zing'oe taratibu kwa ncha ya kisu butu, kisha shona kwa uzi wa pamba kupitia matundu yale yale. Ni kazi ya dakika kumi, na kitabu kinatoka imara kuliko awali.

Cha uzi ndicho ninachokitafuta. Kitazame juu, pale kurasa zinapokutana na mgongo. Ukiona vikundi vya kurasa zilizokunjwa, kila kimoja kama upinde mdogo, na ukifungua katikati ya kikundi ukauona uzi, kitabu hicho kimeshonwa. Jalada likilegea utaligandisha upya, kurasa zenyewe hazitawanyiki.

Cha gundi tupu hukionei upinde. Utaona kurasa zilizonyooka kama pakiti ya karatasi, zimegandishwa kwenye mgongo. Kifungue katikati polepole na usikilize. Mlio wa kupasuka, au mstari mweupe wa gundi uliofunguka kati ya kurasa mbili, maana yake gundi imekauka. Ukurasa mmoja ukitoka, mingine itafuata. Kitabu kama hicho nakichukua tu kama mtoto anakitaka kwa moyo wote, na nikifika nyumbani napaka gundi nyeupe ya karatasi kwa kijiti chembamba ndani ya ufa, naweka karatasi ya nta pande zote mbili isishikane, nakilaza chini ya vitu vizito usiku kucha. Utepe wa plastiki wa kunata usiutumie kabisa. Baada ya miaka michache hugeuka njano, hubanduka, na kuacha gundi inayonasa kurasa jirani.

Ukaguzi huu wote ukishauzoea unachukua chini ya dakika moja. Muuzaji akiwa mbali na unanunua kwa picha, omba picha tatu: mgongo ukitazamwa kwa juu, kitabu kikiwa wazi katikati, na ukurasa wa mwaka wa kuchapishwa. Harufu haipigwi picha, kwa hiyo muulize waziwazi kama kilihifadhiwa mahali pakavu na kama kinanuka.

Furushi bado lina nafasi kwa umri huu, ila kwa sharti moja: muuzaji akubali ulifungue. Wauzaji wengi hukubali ukiomba kwa adabu. Ninusapo vitabu vitano kutoka sehemu tofauti za furushi, na viwili vikawa na uvundo, naliacha lote, kwa kuwa vimelala pamoja.

Sanduku la kusubiri

Nimesema furushi linalipa kwa wenye sanduku, basi nieleze lilivyo. Kila kitabu kinachoingia nyumbani kwangu, hata kile kisafi, hukaa wiki mbili ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Kama wamo wadudu, nitaona unga mwembamba chini ya mfuko, vitundu vipya, au yule mdudu mdogo wa rangi ya fedha akikimbia ninapoutikisa. Nikiona dalili, mfuko unaingia friza ya kawaida, nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki mbili. Ukiutoa usiufungue siku hiyo. Uache kutwa nzima upate joto la chumba, la sivyo hewa ya nje itageuka matone juu ya karatasi baridi na utakuwa umezalisha ukungu kwa mkono wako. Friza huua wadudu, ukungu huulaza tu.

Baada ya hapo vitabu vinaingia sandukuni. Visimame wima kama rafuni, visilaliane, na sanduku likae juu ya kitu, mbali na sakafu na ukuta wa nje ambao hupitisha unyevu. Nje naandika umri: 5, 6, 7. Kila siku ya kuzaliwa mtoto hufungua la umri wake. Tahadhari moja ni kwamba hadithi haziozi lakini maarifa hupitwa. Katika vile vitabu vyangu tisa, vitatu nilivitoa bila kumpa mtoto, kimoja kati ya hivyo kikiwa cha anga kilichofundisha sayari tisa. Mwezi Agosti 2006 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliiondoa Pluto kwenye orodha, zikabaki nane. Vitabu vya anga, ramani na kompyuta nunua kimoja kimoja, karibu na siku ya kusomwa, na utazame mwaka.

Miaka sita kuendelea

Hapa mtoto anaanza kusoma mwenyewe, na mchaguzi bora ni yeye. Mpeleke. Akishika kitabu, mfungulie ukurasa wowote wa katikati, asome kwa sauti, na kila neno asilolijua akunje kidole. Vidole vitano kabla ukurasa haujaisha, kitabu bado ni kigumu kwake, ingawa wewe unaweza kumsomea au kukiweka sandukuni. Viwili au vitatu ni pazuri. Asipokunja hata kimoja ni chepesi, na chepesi nacho nanunua nikiona amekishikilia, kwa kuwa mtoto anayejifunza kusoma anahitaji pia vitabu vya kukimbia navyo.

Umri huu ndio wa vitabu vya mfululizo, vile vyenye wahusika walewale kutoka namba moja hadi kumi na kitu, na ule ulinganisho wetu unarudi kwa sura nyingine: seti nzima au kipande kipande? Seti ya mitumba hushawishi, kwa sababu bei ya kila kitabu hushuka sana. Lakini vitabu hivi karibu vyote ni vya gundi na jalada laini, na mara nyingi kinachoitwa seti ni namba 1, 3, 4 na 9. Soma namba zilizo mgongoni kabla ya kuuliza bei. Namba zinazokosekana utazitafuta moja moja, na muuzaji wa kipande kimoja anajua kwamba unakihitaji. Kuna mfululizo ambao kila kitabu kinasimama peke yake, pengo halina madhara. Ambao hadithi inaunganika, pengo la namba mbili linatosha kumfanya mtoto auache.

Na usianze na seti. Mimi nilinunua seti ya vitabu nane kwa ajili ya mkubwa alipokuwa na miaka saba, kwa kuwa kila mtoto wa umri wake alikuwa akiisoma. Alisoma kurasa 20 za kitabu cha kwanza. Siku hizi nanunua namba moja peke yake, hata kama bei yake ni kubwa, na ninakiacha mezani bila kusema neno. Akikimaliza na kuja kuniuliza kama kuna cha pili, hapo ndipo ninapokwenda kutafuta seti.